Daftari linasema 500 mg tds, bahasha inasema 1×3: ipi ifuatwe?

*Mume wangu ana jino lililooza na shavu limevimba. Katika daftari lake la matibabu wameandika hivi: "Caps Amoxicillin 500 mg tds 5/7, Tabs Metronidazole 400 mg tds 5/7, Tabs Diclofenac 50 mg bd pc 3/7, Tabs PCM 1 g prn." Dukani tulipewa bahasha nne. Ya Amoxicillin imeandikwa 1×3 tu, na ndani tulikuta kapsuli 30. Ya Metronidazole imeandikwa 2×3, nayo ina vidonge 30. Tangu jana jioni amemeza kapsuli mbili, moja kila mara. Hizo herufi maana yake nini, na hiyo 5/7 ni tarehe? Msomaji, Koboko.*

Dada, 5/7 si tarehe bali ni siku tano, na tds ni mara tatu kwa siku. Bahasha ya amoksisilini, kwa jinsi ulivyoieleza, karibu hakika ina kosa, na mumeo huenda anameza nusu ya dozi aliyoandikiwa. Nasema "karibu hakika" kwa sababu kuna jambo moja ambalo hukuliandika, yaani kila kapsuli ina miligramu ngapi, na jambo hilo ndilo linaloamua. Nitaanza hapo, kisha nitazieleza herufi zilizobaki.

Mstari mmoja wa dawa katika daftari husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza huja umbo la dawa: Caps ni kapsuli, Tabs ni vidonge, Syr ni dawa ya maji, na Inj ni sindano. Kisha huja jina la dawa, halafu kiasi cha kutumia kwa mara moja, halafu mara ngapi kwa siku, na mwisho ni kwa siku ngapi. Wengi hukosea kwenye kile kiasi cha mara moja. Mhudumu aliyemwona mumeo aliandika miligramu 500, na hicho ni kiasi cha dawa kinachotakiwa kuingia mwilini kila anapomeza. Hakuandika idadi ya kapsuli, kwa kuwa hakujua duka mtakalokwenda lina kapsuli za nguvu gani. Kwetu Uganda amoksisilini huuzwa katika kapsuli za miligramu 250 na za miligramu 500. Anayekabidhi dawa ndiye mwenye kazi ya kugeuza miligramu za daftari kuwa idadi ya kapsuli kwenye bahasha: ikiwa anazo za 250 ataandika mbili, ikiwa anazo za 500 ataandika moja. Kosa la aina hii huzaliwa kwenye ugeuzaji huo, hasa pale mtu aliyezoea kapsuli za nguvu moja anapopokea mzigo wa nguvu nyingine na mkono wake ukaendelea kuandika alichozoea.

Sasa tazama hesabu, maana ulifanya vizuri kuzihesabu kapsuli. Idadi iliyomo katika bahasha inapaswa kulingana na vidonge vya mara moja, ukizidisha kwa mara za siku, ukizidisha tena kwa siku. Tuchukue kwanza kwamba kapsuli zenu ni za miligramu 250. Ili kupata miligramu 500 anahitaji mbili, mara tatu kwa siku ni sita, kwa siku tano ni 30. Hizo ndizo mlizopewa. Tuchukue sasa kwamba ni za miligramu 500. Hapo angehitaji moja, mara tatu kwa siku, kwa siku tano, yaani kapsuli 15, na zile 30 zingetosha siku kumi ambazo hakuna aliyeziandika popote. Kwa hiyo inaelekea aliyehesabu kapsuli alihesabu kwa mujibu wa daftari, na kalamu ndiyo iliyoteleza wakati wa kuandika juu ya bahasha. Bahasha ya metronidazoli inaonyesha mtu huyo huyo akifanya sawasawa: vidonge vyake vya kawaida ni vya miligramu 200, miligramu 400 ni vidonge viwili, na viwili mara tatu kwa siku tano ni 30, kama ulivyovikuta.

Hesabu hii naiamini kuliko mwandiko wowote, ila ina mipaka. Inaonyesha kwamba daftari, bahasha na idadi havikubaliani, lakini peke yake haisemi ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichokosewa. Aliyekabidhi dawa akisoma daftari vibaya tangu mwanzo, atahesabu vibaya na kuandika vibaya, na namba za bahasha zitalingana zenyewe kwa zenyewe huku zote zikiwa na kosa. Ndiyo maana daftari lazima liwe mkononi wakati wa kuhesabu. Vilevile hesabu haina maana mkiwa mmenunua kidogo kwa sababu ya fedha, yaani ule utaratibu wa kumwambia muuzaji "nipe za elfu mbili", au mkiwa mmepewa nusu kwenye kituo cha serikali kwa sababu dawa zilikuwa zinaisha. Katika hali hizo mwambie anayekabidhi aandike juu ya bahasha kwamba dozi haijakamilika na ni ngapi zimebaki, kwani mtu akiiona bahasha tupu hudhani amemaliza.

Nini cha kufanya leo? Tafuta nguvu ya kapsuli. Kama zimo katika pakiti zake za kiwandani, geuza upande wa nyuma na usome namba iliyo karibu na alama ya mg. Kama zilitolewa moja moja kutoka kwenye kopo kubwa zikamiminwa ndani ya bahasha, usikisie kwa rangi wala kwa ukubwa, kwa maana viwanda hutofautiana. Rudi dukani na daftari na bahasha zote mbili, ya amoksisilini na ya metronidazoli, na useme hivi: "Daftari linasema miligramu 500 mara tatu kwa siku tano. Kapsuli hizi ni za ngapi, naomba nilione kopo, na kwa nini bahasha inasema moja?" Maneno hayo hayamtuhumu mtu, nayo yanamfanya aangalie kopo badala ya kujibu kwa mazoea. Kisha aandike upya juu ya bahasha jina la dawa, nguvu yake, idadi ya mara moja, mara kwa siku na idadi ya siku. Bahasha yenye 1×3 peke yake, bila jina la mgonjwa wala nguvu ya dawa, haifai kuondoka nayo dukani.

Ikithibitika kwamba ni za 250, mumeo aanze kumeza mbili katika zamu inayofuata. Asimeze nne kwa mara moja ili kufidia zile zilizopungua jana, wala asianze upya kana kwamba hajameza chochote. Kapsuli 28 zilizobaki zinatosha zamu 14 za kapsuli mbili, wakati zilizoandikwa zilikuwa zamu 15. Mwulize mkabidhi dawa kama ni lazima akuongezee hizo za zamu ya mwisho. Kanuni ya kutofidia inafaa pia siku nyingine mtu anaposahau: akikumbuka mapema ameze, lakini ikiwa zamu inayofuata imekaribia, aache iliyopita na aendelee na ratiba yake, asizikutanishe mbili.

Sasa herufi. Zinazohusu mara kwa siku ni chache, nazo huandikwa kwa kifupi kilichorithiwa kutoka Kilatini. Herufi od ni mara moja kwa siku. Herufi bd, ambazo wengine huziandika bid, ni mara mbili. Herufi tds au tid ni mara tatu. Herufi qid au qds ni mara nne. Ukikuta mane ni asubuhi, na nocte ni usiku wakati wa kulala. Stat ni papo hapo na mara moja tu, kwa hiyo dawa iliyoandikwa stat haina zamu ya kesho. Prn ni pale tu inapohitajika, na nitairudia kwa sababu parasetamoli ya mumeo, ile PCM ya daftari, imeandikwa hivyo.

Tatizo kubwa katika herufi hizi ni mwandiko. Od iliyoandikwa haraka hufanana na bd, na qd, ambayo wachache huitumia kwa maana ya mara moja kwa siku, ikiongezewa nukta katikati huonekana kama qid, yaani mara nne. Usimwonee haya mhudumu kwa kumwuliza kabla hujatoka chumbani kwake, maana yeye ndiye pekee anayejua alichokusudia. Ukiwa umeshafika nyumbani, idadi ya vidonge itakusaidia tena. Diklofenaki ya mumeo imeandikwa bd kwa 3/7. Kama bahasha ina vidonge sita, basi mkabidhi aliisoma kuwa mara mbili kwa siku tatu. Kama ina vitatu, aliisoma od, nawe una swali la kumrudishia. Na kama siku moja utapewa dawa ya macho, kumbuka kwamba baadhi ya waganga wa macho huandika OD wakimaanisha jicho la kulia, OS la kushoto na OU macho yote mawili. Matone yenye OD si lazima yawe ya mara moja kwa siku.

Muda wa matibabu huandikwa kwa mkato ambao ndio uliokuchanganya. Namba ya juu ni hesabu, na namba ya chini inasema ni hesabu ya nini. Ikiwa chini kuna 7, hizo ni siku, kwa kuwa wiki ina siku saba. Ikiwa chini kuna 52, hizo ni wiki, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Ikiwa chini kuna 12, hiyo ni miezi. Kwa hiyo 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, na 3/12 ni miezi mitatu. Daftari la mgonjwa wa shinikizo la damu likisema "Amlodipine 5 mg od 1/12", hiyo ni miligramu tano mara moja kwa siku kwa mwezi mzima, si kidonge kimoja cha tarehe moja Desemba, na wala si kipande kimoja cha kumi na mbili cha kidonge. Alama ya × iliyotangulia mkato, kwa mfano ×5/7, haibadilishi kitu, ni "kwa muda wa". Mkato huu hausemi kwamba dawa inamezwa mara moja kwa wiki. Zipo dawa za kumezwa mara moja kwa wiki, na mfano wenye hatari ni methotrekseti anayopewa mgonjwa wa baridi yabisi, ambayo ikimezwa kila siku kwa makosa inaweza kuua. Dawa ya namna hiyo taka iandikwe kwa maneno kamili pamoja na jina la siku: "kila Jumatatu".

Kwenye bahasha herufi hugeuzwa kuwa namba mbili zenye alama ya kuzidisha. Desturi ya maduka na vituo vyetu ni kwamba namba ya kwanza ni vidonge na ya pili ni mara: 2×3 ni vidonge viwili mara tatu. Lakini hiyo ni desturi tu, na nimeona bahasha zilizoandikwa kinyume. Kwa 2×2 kinyume hakidhuru. Kwa 1×3 kinaweza kudhuru sana, maana mtu mmoja atameza kimoja asubuhi, mchana na usiku, na mwingine atameza vitatu kwa pamoja asubuhi, akae hadi kesho. Ukiwa dirishani, mwombe mkabidhi akutamkie kwa kinywa, "kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku", na umrudishie maneno hayo hayo. Wanaochora vistari, kwa mfano kistari kimoja, nafasi, kistari kimoja, nafasi, kistari kimoja, humsaidia zaidi mgonjwa asiyesoma kuliko wanaoandika namba.

Baada ya mara ngapi linakuja swali la lini. Mara tatu kwa siku kwa dawa ya kuua vijidudu kama amoksisilini maana yake ni kugawa mchana na usiku sawasawa, takriban kila baada ya saa nane, kwa sababu dawa hiyo hutoka mwilini haraka na kiwango chake kikishuka kwa muda mrefu vijidudu hupata nafasi ya kuongezeka. Baadhi ya bahasha huandikwa 8 hourly au q8h, na hapa wasomaji wa Kiswahili huponyokwa kwa njia ya pekee. Wapo waliosoma 8 wakadhani wameambiwa wameze saa nane, basi wakameza mchana mara moja. Namba hiyo ni urefu wa muda kati ya zamu mbili, si saa ya ukutani. Kinyume chake, bahasha ikitaja saa kwa Kiingereza, mathalani 8 am na 8 pm, hiyo ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku kwa hesabu yetu. Kwa mumeo mgawo mzuri ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Hakuna haja ya kumwamsha usiku wa manane, wala nusu saa ya kuchelewa haiharibu kitu. Kinachoharibu ni kumeza saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kisha kukaa saa kumi na nne bila dawa.

Dawa ya mara mbili ni rahisi zaidi: asubuhi na jioni, kwa umbali wa saa kumi na mbili hivi. Ipo tofauti moja ambayo kila nyumba ya Uganda hukutana nayo, nayo ni dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini. Huandikwa bd 3/7, lakini zamu ya pili ya siku ya kwanza humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, ndipo siku mbili zinazofuata iwe asubuhi na jioni. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kila zamu, jumla 24, na humeza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili dawa ifyonzwe vizuri.

Hapo tunafika kwenye chakula. Herufi ac ni kabla ya kula na pc ni baada ya kula. Kwa dawa zinazotaka tumbo tupu, kabla ya kula kwa kawaida ni nusu saa hadi saa moja kabla, si wakati sahani imeshawekwa mezani. Diklofenaki ina pc kwa sababu huwasha utumbo, kwa hiyo mumeo aimeze akiwa ametoka kula, na glasi kubwa ya maji, kisha asilale papo hapo. Amoksisilini haikuandikiwa chochote, na kimya hicho kina maana: inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Natilia mkazo hili kwa kuwa watu wengi huchukulia kwamba kila dawa ni ya baada ya kula, na mwenye kula mara mbili kwa siku hujikuta akimeza dawa ya mara tatu mara mbili tu. Shavu likiuma hadi hawezi kutafuna, ameze amoksisilini kwa maji hivyo hivyo. Metronidazoli huchefua, ni afadhali imezwe na chakula, lakini uji unatosha.

Kwa ndugu zetu wa Yumbe, Koboko na Arua watakaosoma haya wakiwa wamefunga Ramadhani, dawa ya tds haiingii kati ya futari na daku kwa kubanwa. Zamu tatu katika saa kumi na moja si sawa na zamu tatu katika saa ishirini na nne. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na asiyetaka kuitumia amweleze mhudumu kabla hajaandika, ili kama ipo dawa ya mara moja au mara mbili inayofaa ugonjwa huo aandikiwe hiyo.

Turudi kwenye prn. Parasetamoli gramu moja ni vidonge viwili vya miligramu 500. "Inapohitajika" haina maana ya "kila ikiuma", maana jino kama hilo huuma muda wote. Kati ya zamu na zamu zipite saa sita, zikipungua sana zisiwe chini ya nne, na kwa mtu mzima mwenye afya ya ini vidonge visizidi vinane katika saa 24. Kikomo hicho kingepaswa kuandikwa juu ya bahasha, na mara nyingi hakiandikwi. Hesabu ndani ya vinane hivyo parasetamoli iliyojificha katika dawa nyingine, kwani dawa nyingi za mafua za dukani zinayo. Asiongeze ibuprofeni au aspirini kwa sababu maumivu hayajatulia, kwa kuwa hizo na diklofenaki ni jamii moja, na mzigo wake wote huishia kwenye tumbo na figo. Ikiwa mumeo ana vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, maradhi ya figo au pumu, na mhudumu hakumwuliza, asimeze diklofenaki hata hiyo ya bd hadi amwulize.

Jambo moja ambalo huwa halimo katika daftari wala katika bahasha ni pombe. Metronidazoli haichanganywi na bia, waragi wala kwete, kwa siku zote tano na siku mbili kamili baada ya kidonge cha mwisho. Anayechanganya anaweza kutapika, kuwashwa na joto la uso na kusikia moyo ukienda mbio, kisha akadhani ni dawa mbovu na kuiacha.

Ukishapata jibu la dukani, siku ya mumeo itakuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi atameza amoksisilini miligramu 500, na baada ya uji metronidazoli miligramu 400 na diklofenaki moja. Saa nane mchana, amoksisilini na metronidazoli. Jioni baada ya kula, diklofenaki ya pili. Saa nne usiku, amoksisilini na metronidazoli pamoja na kitu kidogo tumboni. Diklofenaki itaisha siku ya tatu, nyingine mbili zitaendelea hadi siku ya tano hata kama uvimbe umeshuka siku ya pili. Kila dawa ibaki katika bahasha yake. Kapsuli zikichanganywa na vidonge katika chupa moja, maelezo yote haya yanapotea.

Dozi sahihi haitaondoa jino bovu, na mwenye jino hilo atahitaji kurudi kwa mganga wa meno ling'olewe au litibiwe, vinginevyo uvimbe utarudi. Akitokwa na vipele mwilini au midomo kuvimba baada ya kumeza, aache amoksisilini na aende kituoni. Na ikiwa uvimbe unashuka kwenye shingo au chini ya ulimi, mdomo haufunguki, anashindwa kumeza mate au anapumua kwa shida, asisubiri siku tano ziishe: mtu ampeleke hospitali usiku huo huo, daftari na bahasha zote mkononi.